Hosteli ya wasichana 32 Tabora: anza na foleni ya bafuni

Wengi wanaojenga hosteli karibu na vyuo vya Tabora huanza kwa kuhesabu vyumba. Wanachora vyumba vingi kadiri kiwanja kinavyoruhusu, kisha pembe inayobaki nyuma wanaipa choo. Mwaka wa kwanza wa kupangisha ndio unaoonyesha kosa: saa moja asubuhi kuna foleni ya ndoo uani, shimo linafurika kabla masika hayajaisha, na geti linashinda wazi kwa sababu hakuna aliyepangiwa mahali pa kukaa alilinde. Mwongozo huu unaenda kinyume chake. Unaanza na maji, unamalizia na vyumba.

Mfano tutakaoutumia ni kiwanja cha mita 20 kwa 40, nyumba ya chini isiyo ghorofa, wasichana 32, vyumba 8 vya watu wanne wanne. Hosteli ya mchanganyiko inahitaji mabafu mawili yaliyotengana kabisa na kila moja lihesabiwe peke yake, kwa hiyo kwa kiwanja cha ukubwa huu jinsia moja ndiyo busara.

Idadi ya mabafu na vyoo

Kigezo si jumla ya wanafunzi bali ni saa moja ngumu ya siku. Kipindi kikianza saa mbili asubuhi, karibu kila mtu atataka kuoga kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu. Kuoga, pamoja na kuvua na kuvaa, kunachukua kama dakika 8, hivyo bafu moja linahudumia watu 7 kwa saa. Chukulia wasichana 22 kati ya 32 wanaoga asubuhi na wengine wameoga jioni. 22 ukigawa kwa 7 ni 3 na kitu, kwa hiyo jenga mabafu 4.

Choo kinachukua dakika kama 5, yaani watu 12 kwa saa. Kwa watu 32 vinatosha vitatu. Jenga vinne, kwa sababu siku moja kimoja kitaziba, na vitatu vilivyobaki bado vitamudu.

Hapa kuna uamuzi unaookoa pesa kuliko mwingine wowote: tenga bafu na choo. Ukiunganisha, anayeoga dakika 8 anafunga na choo pia, na unajikuta unahitaji vyumba vya maji saba au vinane vikubwa badala ya vinane vidogo. Sinki nazo zitoke nje ya vyumba hivyo, ziwe kwenye korido ya mbele, nne zinatosha. Anayepiga mswaki hana sababu ya kumfungia mwenzake mlango.

Vyoo vitatu viwe vya kuchuchumaa na kimoja cha kukaa. Cha kuchuchumaa hakina kiti cha kuvunjika, kinasafishika haraka, na kinakubali kumwagiwa maji kwa kopo hata bomba likikauka. Cha kukaa ni kwa mwenye mguu wa bandeji au ulemavu. Chumba chake kiwe kikubwa kuliko vingine, mlango upana wa sentimita 90, na kiwe na nondo ya kushikilia ukutani. Kila choo kiwe na pipa dogo lenye kifuniko kwa ajili ya pedi. Pipa lisipokuwepo pedi zitaingia kwenye bomba, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuziba katika hosteli za wasichana. Panga pia nani analimwaga na wapi, maana pipa lililojaa ni sawa na pipa lisilokuwepo.

Chumba kimoja cha bafu kiwe sentimita 90 kwa 130 ndani. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na tundu liwe na kichujio kinachong'oleka kwa mkono, kwa sababu nywele zitajaa humo kila wiki. Weka koki mbili: ya bomba la mvua, na nyingine ya chini inayotosha kuingiza ndoo chini yake. Siku maji yakiwa machache wote watahamia kwenye ndoo, na bafu lisilo na koki ya chini litawalazimisha kubeba maji kutoka uani. Kuta za kugawa ziishie mita 2.1, juu yake pabaki wazi hewa ipite.

Panga vyumba vyote vinane katika mstari mmoja, migongo yao ikiwa ukuta wa nje wa nyuma. Mabomba yapite kwenye ukuta huo kwa nje. Fundi bomba atatengeneza bila kuvunja marumaru na bila kuingia walikovua watu nguo.

Maji ya kutosha asubuhi moja, na siku ambazo hayatoki

Kwa makadirio ya kupangia, mpe kila mkazi lita 60 kwa siku za kuoga, choo na kufua. Watu 32 wanafika lita 1,920, tuseme 2,000. Tangi la chini la lita 5,000 lipokee maji ya mamlaka, na tangi la juu la lita 2,000 lijazwe kwa pampu. Yakiwa yamejaa yote mawili una zaidi ya siku tatu za matumizi. Mwaka wa masomo unapoanza, mwezi wa kumi, Tabora bado iko mwishoni mwa kiangazi, na huo si wakati wa kugundua kwamba akiba yako ni ya siku moja.

Mnara wa tangi la juu uwe na urefu wa mita 4 hadi kitako cha tangi. Bomba la mvua likiwa mita 2 kutoka sakafuni, unabaki na mita 2 za msukumo, ambao ni mdogo. Unatosha ikiwa tu bomba ni nene. Kosa linalorudiwa ni kushusha maji kwa bomba la nusu inchi hadi mwisho: ukifungua bafu moja maji yanatoka vizuri, ukifungua manne la mwisho linadondosha matone. Shusha kwa inchi moja na nusu, lipite hivyo nyuma ya mabafu yote, na nusu inchi itokee kwenye tawi la kila chumba pekee. Weka valvu ya kufunga kwenye kila tawi. Koki moja ikivunjika ufunge chumba kimoja, wengine waendelee kuoga.

Tangi lililojaa lina uzito wa tani 2. Mnara wake ni kazi ya mhandisi, si ya fundi wa kuchomelea madirisha.

Maji yanakwenda wapi

Hii ndiyo sehemu ambayo michoro mingi huonyesha kwa duara moja dogo nyuma ya nyumba, kana kwamba ardhi haina kikomo.

Kwanza tangi la maji taka. Linatakiwa kushika maji ya siku nzima, lita 1,920, pamoja na tope linalojikusanya, kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Ukitaka kunyonya kila baada ya miaka miwili, tope ni lita 2,560. Jumla ni karibu lita 4,500. Tangi lenye urefu wa mita 3, upana mita 1.2 na kina cha maji mita 1.5 linabeba lita 5,400, kwa hiyo lina nafasi ya ziada. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa. Ligawe kwa ukuta: chumba cha kwanza mita 2, cha pili mita 1. Bomba la kuingilia liwe juu kuliko la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7, na yote mawili yaishie na kiungo cha umbo la T ili mapovu yanayoelea yasipite kwenda mbele. Mfuniko uwe wa vipande vinavyonyanyulika. Mfuniko uliomwagwa zege moja utavunjwa kwa nyundo siku gari la kunyonya likija.

Kisha ardhi. Maji yanayotoka kwenye tangi lazima yanywewe na udongo, na kila udongo una kiwango chake. Kichanga chenye tifutifu kinakunywa kama lita 33 kwa kila mita mraba kwa siku. Mfinyanzi ulioshikana lita 10 tu. Kwa kichanga, lita 1,920 zinahitaji mita mraba 58 za kuta za kunywea. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.5 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita mraba 14. Ungehitaji zaidi ya mashimo manne, na wengi wanachimba moja, kisha wanamlaumu aliyejenga.

Badala ya mashimo, chimba mitaro miwili ya mita 15 kila mmoja, ikatize upana wa kiwanja nyuma. Chini ya usawa wa bomba la kuingizia kuwe na mita moja ya kokoto. Kila mita ya urefu inatoa mita mraba 2 za kuta, kwa hiyo mita 30 zinakupa 60. Acha mita 2 kati ya mtaro na mtaro, na mita 3 kutoka kwenye jengo. Kama una kisima, au jirani anacho, kiwe mbali kwa mita 30 au zaidi.

Kabla ya kununua kiwanja, chimba shimo la kina cha mita moja mahali pa mitaro hiyo, lijaze maji usiku, asubuhi ulijaze tena na uangalie. Yakiwa bado yamesimama jioni, au ukikuta jiwe jekundu gumu chini ya futi tatu, hesabu ya hapo juu haikufai. Viwanja vya bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga usivitafutie dawa. Kiangazi vinapasuka nyufa, masika vinashika maji juu, na mitaro yako itajaa kutoka chini.

Bomba la choo liwe la inchi 4, literemke sentimita 2.5 kwa kila mita. Weka chemba kila linapopinda na kila mabomba mawili yanapokutana. Maji ya mabafu yaende kwa bomba lake peke yake hadi chemba ya mwisho kabla ya tangi, ili nywele na sabuni zikiziba zisifunge vyoo. Baadaye, dalili zitakuambia tatizo liko wapi: choo kimoja kikichelewa, ziba liko kwenye tawi lake, vyote vikichelewa na kutoa mlio wa kububujika, fungua mfuniko wa tangi. Maji yakiwa yamepanda juu ya bomba la kutokea, ardhi imekataa kunywa. Yakiwa kwenye usawa wake lakini tope limejaa, ita gari.

Kukipanga kiwanja

Sasa vyumba. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloumiza, kwa hiyo madirisha ya vyumba yatazame kaskazini na kusini. Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Kiwanja kinachofaa ni kile ambacho barabara iko upande wa mashariki: geti linakuwa mashariki, mabafu magharibi, na harufu inaondoka badala ya kurudi vyumbani.

Kutoka barabarani, acha mita 5 wazi. Kisha jengo la mbele lenye kina cha mita 4.5, ambamo mna mlango, chumba cha matroni na chumba cha kusomea. Nyuma yake zipo safu mbili za vyumba vinne vinne zinazotazamana, kila safu ina urefu wa mita 17.5. Chumba ni mita 3.6 kwa 4.2, kinaingia dabo deka mbili na makabati manne. Dari liwe mita 3, la sivyo anayelala juu atakuwa analala chini ya joto la bati. Kila safu ina baraza la mita 1.5 na katikati panabaki ua wa mita 4.7. Mwisho wa ua ni mstari wa mabafu, kina mita 3.5 pamoja na korido yake, na pembeni karo la kufulia. Nyuma zinabaki mita 9 na kitu za tangi, mitaro na kamba za nguo.

Upande mmoja wa kiwanja acha mita 1.5 na mwingine mita 3. Hizo mita 3 ni njia ya gari la maji taka. Zikisahaulika, miaka miwili baadaye mtavunja ukuta.

Michoro ikishafika hapa, ipelekwe kwa wataalamu wa manispaa kwa ajili ya kibali cha ujenzi kabla hujachimba msingi. Umbali wa kuacha mpakani unaweza kubadilika kwa eneo, na wao ndio watakaokuambia.

Mlango mmoja wa kuingilia, miwili ya kutokea

Faida ya mpango huu ni kwamba majengo yenyewe yanazunguka ua. Msichana anayekwenda chooni saa nane usiku hatoki nje ya uzio wa ndani; anatembea mita 17 kwa mbali, chini ya baraza lenye taa. Kwa hiyo pa kulinda ni mlango wa mbele tu.

Mlango huo uwe na hatua mbili. Wa kwanza, wa grili, unaingia kwenye ukumbi mdogo wenye benchi la wageni. Wa pili unaingia uani. Chumba cha matroni kiko ubavuni mwa ukumbi, na dirisha lake lianzie sentimita 90 kutoka sakafuni ili akiwa amekaa aone milango yote miwili bila kusimama. Dirisha likiwa juu zaidi, baada ya wiki mbili ataacha kuchungulia. Mgeni, hata awe mjomba aliyetoka Urambo na gunia la karanga, anakaa kwenye benchi na mwenyeji wake anaitwa. Taa ya nje imulike uso wa anayebisha, isimwangazie matroni machoni.

Daftari la kutia saini watu hulichoka. Tundika ukutani ubao wenye misumari 32 na vibao vya namba vyenye rangi mbili, kijani upande mmoja na nyekundu mwingine. Anayetoka anageuza chake kuwa chekundu, anayerudi anakigeuza. Saa nne usiku geti linapofungwa, matroni anaangalia ubao mara moja anajua nani hajarudi. Na siku ya moto ubao huo huo unasema ni wangapi wa kutafutwa ndani.

Kuhusu moto, usikubali mlango wa mbele ufungwe usiku kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja. Weka kitasa ambacho kwa nje kinahitaji ufunguo na kwa ndani kinafunguka kwa kuzungusha kitufe. Mwisho wa ua, pembeni mwa mabafu, weka mlango wa dharura wa kutokea nyuma, unaofunguka kwa nje, wenye komeo la ndani lisilo na ufunguo. Wamiliki wanaogopa kwamba wasichana watautumia kutoroka. Dawa yake ni lakiri ya plastiki yenye namba, kama zile za makontena: inakatika kwa kuvuta komeo kwa nguvu, na matroni anaikagua kila asubuhi. Dirisha moja la kila chumba nalo liwe na grili ya bawaba inayofunguka kutoka ndani. Grili iliyochomelewa kote inamzuia mwizi, na inamzuia aliye ndani vilevile.

Geti kubwa la upande wa gari la maji taka si mlango wa watu. Linafungwa kwa kufuli mwaka mzima na ufunguo uko kwa matroni. Kwa sababu hiyo hiyo, mlango wa dharura usiishie kwenye njia iliyofungwa: ukuta wa nyuma au wa pembeni uwe na kigeti kidogo chenye komeo la ndani la aina ile ile.

Mahali pa kusomea

Chumba chenye dabo deka mbili hakisomeki: mmoja anataka taa, watatu wanataka kulala. Si wote 32 watasoma kwa wakati mmoja. Panga viti 12 kwenye chumba cha mbele cha mita 4.2 kwa 6, na vinne zaidi kwenye pembe mbili za baraza, mbali na mabafu. Ukiweka pembe ya kusomea njiani kuelekea chooni, kila anayepita atasalimia.

Kila kiti kipate meza ya sentimita 65 kwa 50, kimo cha sentimita 75. Meza zielekee ukutani, nyuma yake pabaki njia ya sentimita 90. Taa ndefu ya futi 4 ya wati 18, ile mpya isiyo na stata, moja kwa meza mbili, ifungwe ukutani mbele ya msomaji. Taa ikiwa katikati ya dari, msomaji aliyegeukia ukutani anaandika ndani ya kivuli chake mwenyewe. Soketi ziwe juu ya meza, moja kwa viti viwili, na swichi yake peke yake kwenye kisanduku cha umeme. Ukinyima soketi huku, utazikuta adapta zimepangana juu ya kitanda.

Umeme ukikatika, betri ya volti 12 ya Ah 100 inakupa kwa usalama nusu ya chaji yake, kama wati-saa 600. Hiyo inawasha taa tatu za kusomea kwa saa nne, na taa ndogo tatu za wati 9, za mlango, ukumbi na vyoo, kwa saa kumi. Ukiongeza runinga hapo, giza litaanza vyooni.

Kabla ya kukabidhiwa

Majaribio manne, na fundi awepo. Fungua mabafu yote manne pamoja, kila moja na ndoo ya lita 10 chini yake. La mwisho likizidi dakika mbili kujaa, bomba kuu ni jembamba au lina hewa. Kisha mwaga ndoo nzima ya lita 20 na karatasi iliyofinyangwa kwenye choo cha mbali zaidi, huku mtu akisubiri kwenye chemba ya mwisho; karatasi isipofika, mteremko una kasoro, na ni afadhali kulivunja jamvi sasa. Mwaga maji kwenye sakafu ya kila bafu uone kama kuna dimbwi linalobaki. Mwisho, usiku, zima umeme wote, mfungie fundi ndani bila ufunguo wala simu, na umwambie atoke nje kwa mlango wa nyuma.